Git bisect imenipeleka kwenye komiti ya README: nimekosea wapi?

> Habari mtaalamu. Tunatunza mfumo wa mauzo wa vituo vya mafuta, umeandikwa kwa Python, na tuko wanaprogramu 14. Toleo la v3.8 lilikuwa sawa. Sasa hivi mauzo ya karibu na saa sita usiku yanajitokeza kwenye ripoti ya siku inayofuata. Kutoka v3.8 hadi main kuna komiti kama 2,900. Nilitumia git bisect kwa mkono: kila hatua nawasha mfumo, nafungua ripoti, naangalia. Saa tatu nzima zikapita, mwisho ikanipa komiti iliyorekebisha tahajia kwenye README.md, tena ndiyo ya kwanza kabisa baada ya v3.8. Bosi anataka turudi v3.8. Je, bisect haifai kwa mradi mkubwa, au kuna mahali nakosea?

Ndugu yangu, jibu umelibeba mwenyewe kwenye maneno yale ya "ya kwanza kabisa baada ya v3.8". Bisect, ile amri ya Git inayosaka komiti iliyoleta kosa, haifiki pale kwa ajali. Inafika pale ikiwa kila ilipokuuliza, kuanzia hatua ya kwanza hadi ya mwisho, ulijibu kwamba komiti ni mbovu. Kama bado hujaandika `git bisect reset`, ambayo hufuta kumbukumbu za msako, andika `git bisect log` uone: kuna `good` moja uliyoiweka mwanzoni, halafu `bad` zimepangana kumi na moja au kumi na mbili mfululizo.

Sasa fikiria. Kosa likiwa mahali popote kati ya komiti 2,900, kwa kawaida majibu huchanganyika: mbovu, nzima, nzima, mbovu, nzima. Majibu kumi na mawili ya aina moja ni kama kurusha sarafu mara kumi na mbili ikaangukia upande mmoja kila mara. Hilo linaweza kutokea, ila mimi kabla ya kuliamini ningeikagua sarafu. Komiti ya README ndiyo inayotuthibitishia, kwa sababu tahajia haihamishi mauzo ya petroli kutoka siku moja kwenda nyingine. Kipimo chako kilikuwa kinasema "mbovu" hata pale msimbo ulipokuwa mzima.

Nadhani najua kwa nini. Git inapokurudisha kwenye komiti ya zamani, inabadilisha mafaili ya msimbo tu. Hifadhidata iliyo kwenye kompyuta yako haiigusi. Mauzo uliyoyaingiza ukiwa kwenye main yalishaandikwa na msimbo mbovu, yakiwa na muda uliokosewa, na yamebaki vivyo hivyo kwenye jedwali. Ukarudi nyuma, msimbo mzima ukayasoma, ukayaonyesha kwa uaminifu kama yalivyoandikwa, wewe ukaona ripoti imekosea ukaandika `bad`. Kuhakikisha ni kazi ya dakika mbili: rudi v3.8 yenyewe, bila kugusa hifadhidata, ufungue ile ripoti. Kama v3.8 nayo inaonyesha kosa, basi kosa uliloliona lilikuwa kwenye data, na saa zako tatu zilipima kitu kimoja kilekile mara kumi na mbili.

Kwa hiyo mradi kuwa mkubwa si tatizo. Bisect ilianza mwaka 2005, mwaka uleule Linus Torvalds alipoanzisha Git, na watu wa Linux ndio waliokuwa wakiihitaji zaidi: kati ya toleo moja la kiini cha Linux na jingine huwa kuna komiti zaidi ya 10,000. Idadi ikiongezeka maradufu, wewe unaongezewa hatua moja tu. Komiti 2,900 ni hatua kama 11 au 12. Zingekuwa 5,800 ungeongeza moja. Kinachokuumiza ni gharama ya kila hatua na ukweli wa kila jibu.

Hebu nieleze inavyofanya kazi ndani, maana hapo ndipo utaona kwa nini jibu moja la uongo linaharibu kila kitu. Chukua bomba refu la maji kutoka kwenye tangi hadi nyumbani, na maji hayafiki. Hutafukua bomba zima. Unafukua katikati, unafungua kiungo. Maji yapo? Basi tatizo liko mbele, na nusu ya nyuma huitazami tena. Hayapo? Tatizo liko nyuma, na nusu ya mbele unaisahau. Bisect inafanya hivyohivyo, na neno la kukamata ni hilo la kutotazama tena. Ukiiambia kwa makosa kwamba komiti ya katikati ni mbovu, inafuta papo hapo komiti 1,450 zilizo mbele yake kwenye orodha ya washukiwa, mkosaji wako akiwa humo. Kuanzia hapo itaendelea kugawanya nusu isiyo na mkosaji, na mwishoni itakutajia komiti moja bila kusita wala kukuonya. Haina namna ya kujua kwamba ulikosea.

Kazi yako basi ni kutengeneza kipimo kisichoweza kudanganywa na hifadhidata, saa ya siku, au macho yaliyochoka. Na kwa kuwa kosa lako ni la kubadilisha maandishi ya muda kuwa siku ya ripoti, huhitaji kuwasha mfumo wala kufungua kivinjari. Itafute ile fanksheni inayopokea muda kutoka kwenye pampu na kusema mauzo ni ya siku gani, uiulize moja kwa moja. Mimi hapa naiita `siku_ya_mauzo`. Nyinyi mtakuwa na jina lenu.

```python
# /tmp/jaribio.py
import sys
try:
    from mauzo.muda import siku_ya_mauzo
    siku = str(siku_ya_mauzo("2024-03-05 23:40"))
except Exception:
    sys.exit(125)
sys.exit(0 if siku == "2024-03-05" else 1)
```

Halafu skripti ndogo ya kuiendesha, ukiwa ndani ya mazingira ya Python uliyoyatenga kwa msako huu peke yake:

```sh
#!/bin/sh
# /tmp/pima.sh
pip install -q -r requirements.txt || exit 125
PYTHONPATH=. python /tmp/jaribio.py
```

Zote mbili nimeziweka `/tmp`, nje ya mradi, kwa makusudi. Ukiziingiza kwenye komiti ndani ya mradi, Git ikikurudisha kwenye komiti ya miezi mitano iliyopita zitatoweka, kwa sababu wakati huo hazikuwepo. Na ukitegemea testi zilizomo kwenye mradi wenyewe, kila hatua utakuwa unapima kwa rula tofauti.

Hizo namba za kutokea ndizo lugha pekee ambayo bisect inaielewa, kwa hiyo ziwe na maana moja. Sifuri ni nzima. 125 ni "sijui, komiti hii haipimiki, ruka". Namba nyingine yoyote kuanzia 1 hadi 127 ni mbovu, na kuanzia 128 kwenda juu msako unasimama kabisa. Mtego uko hapa: Python ikianguka kwa kosa lolote lisilodakwa, inatoka na namba 1. Tuseme miezi minne iliyopita fanksheni hii ilikuwa kwenye faili lenye jina jingine. Bila ile `except`, kuagiza kungeshindikana, Python ingetoka na 1, na bisect ingesoma "mbovu" kwenye komiti ambayo hata haikupimwa. Ungeangukia tena kwenye README. Ndiyo maana kila kisichoeleweka nimekielekeza kwenye 125. Jibu la "sijui" linakuchelewesha kidogo tu, lakini la uongo linakupoteza.

Kabla ya kuanzisha msako, pima ncha zote mbili kwa skripti hiyohiyo. Naona watu wengi wanairuka hatua hii, na ndiyo iliyokupiga wewe.

```sh
chmod +x /tmp/pima.sh
git checkout v3.8 && /tmp/pima.sh; echo $?
git checkout main && /tmp/pima.sh; echo $?
```

Ya kwanza lazima itoe 0, ya pili 1. Ukipata 1 kote, simama. Ama kipimo chako kina kasoro, ama kosa halimo kwenye historia ya msimbo kabisa: huenda kuna laibrari ambayo `requirements.txt` haikuitaja kwa toleo kamili, kwa hiyo hata v3.8 leo inasakinishiwa laibrari mpya kuliko ile iliyokuwa nayo siku ilipotolewa. Bisect hutafuta ndani ya komiti tu. Kilichobadilika nje yake haitakiona hata ukizunguka mwaka mzima. Ukipata 125 kwenye v3.8, basi fanksheni ilikuwa na jina jingine wakati ule, na jaribio lako linahitaji kujua majina yote mawili.

Ncha zikikubali, kilichobaki ni mistari miwili.

```sh
git bisect start main v3.8
git bisect run /tmp/pima.sh
```

Mbovu hutangulia, nzima hufuata; ukizigeuza Git italalamika. Itakuandikia kitu kama `Bisecting: 1449 revisions left to test after this (roughly 11 steps)`, halafu itaendelea yenyewe. Skripti ikichukua sekunde 40, msako mzima ni dakika nane hivi. Nenda kanywe chai.

Mimi mwenyewe niliwahi kupatwa na ugonjwa wa familia hii, kwenye mfumo wa kampuni ambayo sitaitaja, na ninakusimulia kwa sababu huenda wako ni ndugu yake. Ripoti ya siku ilikuwa na mapungufu madogo jioni, na asubuhi yake ilikuwa na ziada ya kiasi kilekile. Tulishuku saa ya seva, tukashuku mtandao, tukamshuku hata mhasibu. Bisect ikanipeleka kwenye komiti yenye maelezo ya unyenyekevu kabisa, "safisha usomaji wa tarehe", na ndani yake, kati ya mistari mingi isiyo na neno, kulikuwa na huu:

```diff
-    t = ENEO.localize(t)
+    t = t.replace(tzinfo=ENEO)
```

`ENEO` ilikuwa `pytz.timezone("Africa/Nairobi")`. Ukiutazama mstari huo kwa macho tu unaupitisha. Mimi niliupitisha, jina langu liko kwenye idhini. Lakini pytz ina tabia yake. Ukiubandikia muda ukanda wa saa moja kwa moja, bila kupitia `localize`, inachukua ingizo la kwanza kabisa kwenye historia ya ukanda huo. Kwa Nairobi ingizo hilo ni saa ya jua, iliyotumika kabla ya saa rasmi kuwekwa mwanzoni mwa karne ya 20. Nairobi iko kama nyuzi 36.8 mashariki, kila nyuzi ni dakika nne za jua, ukizidisha unapata saa 2 na dakika 27 mbele ya UTC. Saa yetu rasmi ni saa 3 kamili. Pengo ni dakika 33.

Tazama inavyofanya kwenye ile 23:40 ya jaribio. Ikisomwa sawasawa ni 20:40 UTC, na ripoti ikiirudisha kwenye saa zetu ni 23:40, tarehe 5. Ikisomwa kwa saa ya jua ni 21:13 UTC, na ripoti ikiirudisha kwa saa 3 kamili inakuwa 00:13, tarehe 6. Kila kilichouzwa baada ya saa 5 na dakika 27 usiku kiliruka siku. Mauzo ya mchana nayo yalisogea dakika 33, ila hakuna aliyegundua kwa sababu hayakuvuka tarehe. Kwa hiyo chunguza kwenu: kama mauzo yanayohama yanaanzia 23:27 kamili, umeshamkamata mshukiwa kabla hata hujaendesha bisect. Yakianzia kwingine, tuseme yale ya kati ya saa sita usiku na saa tisa alfajiri ndiyo yanayorudi siku ya nyuma, hilo ni pengo la saa 3 zima na sababu ni nyingine: mahali fulani tarehe inakatwa kwa UTC. Katika hali hiyo jaribio langu la 23:40 litapita kote. Badilisha saa iliyomo kwenye jaribio iendane na dalili yenu halisi.

Na usimkasirikie aliyeandika mstari huo. `replace` ndiyo njia sahihi ukitumia `zoneinfo`, iliyoingia Python 3.9 mwaka 2020. Mtu alijifunza njia mpya akaiweka kwenye laibrari ya zamani. Katika mapitio ya msimbo hakuna jicho lingeshtuka, wala kusoma `git log` siku mbili kusingesaidia, kwa sababu maelezo ya komiti hayakusema lolote kuhusu mauzo.

Kuna mambo mawili yatakayokushangaza njiani, kwa kuwa mko 14 na kila mtu ana matawi yake. La kwanza: bisect haifuati tarehe. Historia yenu haina umbo la bomba moja. Ni mito inayogawanyika na kukutana. Kwa kila komiti inayoshukiwa Git huhesabu ina mababu wangapi miongoni mwa washukiwa, kisha inachagua ile iliyo karibu zaidi na nusu. Ndiyo maana inaweza kukurusha kutoka Juni hadi Machi hadi Mei. Inaweza hata kukuweka kwenye msimbo unaojitambulisha kuwa v3.7. Si kosa: kuna mwenzenu alianza tawi kabla v3.8 haijatoka, akaliunganisha baadaye, na kwa hiyo kazi yake ni sehemu ya mabadiliko ya baada ya v3.8 ingawa imesimama juu ya msingi wa zamani.

La pili linaudhi zaidi. Kwenye matawi binafsi watu huhifadhi komiti nusunusu, za "kazi inaendelea", ambazo hata haziwaki. Zikiwa nyingi utapata 125 mfululizo, na kama mkosaji yuko katikati ya kundi la zilizorukwa, bisect itaishia kusema mkosaji anaweza kuwa yeyote kati ya hizi saba. Ni jibu la kweli, ila halijamaliza kazi. Kwa timu kama yenu ningeanza hivi, mradi Git yako ni 2.29 au mpya zaidi:

```sh
git bisect start --first-parent main v3.8
```

Hapo inatembea kwenye shina la main peke yake na kulichukua kila tawi lililounganishwa kama kipande kimoja. Msako unakuwa mfupi, komiti nyingi za njiani zinawaka, na mwisho unajua ni tawi gani lililoleta ugonjwa. Mara nyingi hiyo inatosha, kwani mwenye tawi ukimwonyesha jaribio atajua mwenyewe pa kutazama. Haikutosha, fanya bisect ya pili ndani ya tawi hilo. Timu zinazofinya tawi zima kuwa komiti moja kabla ya kuliunganisha hukwepa usumbufu huu wote, ila mwisho wao wanaonyeshwa komiti moja yenye mistari 3,000 na kuambiwa "kosa limo humu". Mimi napendelea komiti ndogo zinazowaka, lakini kila timu ina mila zake.

Hitilafu yako inajirudia kila mara, na hiyo ni bahati. Ingekuwa inatokea mara moja katika tatu, kupima mara moja kwa komiti kusingefaa kitu. Pale ikitokea hata mara moja unajua ni mbovu, isipotokea hujui. Ungelazimika kurudia jaribio kama mara 10 kabla ya kusema "nzima", na bado ungebaki na nafasi ya karibu asilimia 2 ya kudanganyika kila unaposema hivyo. Katika msako wa hatua 12 asilimia hizo zinajumlishana. Watu wakisema bisect "ilinidanganya", mara nyingi hadithi ni hii.

Tuseme sasa umepata komiti. Usiipeleke kwa bosi kabla hujaihukumu mara ya pili, kwa njia isiyotegemea bisect. Kwanza funga msako na urudi main, kisha iondoe komiti hiyo moja na upime, ukiongeza `-m 1` baada ya `--no-commit` kama ni komiti ya kuunganisha tawi:

```sh
git bisect reset
git revert --no-commit NAMBA_YA_KOMITI
/tmp/pima.sh; echo $?
```

Ikitoa 0, ni yeye. Ikitoa 1, kuna mawili: kuna kosa la pili lililoingia baadaye likitoa dalili ileile, au jibu mojawapo la msako lilikuwa la uongo. Git ikigoma kwa sababu mistari ile imeshaguswa na wengine, itoe kwa mkono kwenye nakala yako. Unachotaka ni jibu la jaribio, usafi wa historia utakuja baadaye. Kumbuka pia kwamba komiti ya kwanza mbovu wakati mwingine imefunua tu kosa lililokuwa limelala. Mtu anaweza kuwasha kwa mara ya kwanza fanksheni iliyoandikwa vibaya mwaka uliopita. Bisect itamtaja aliyeiwasha, na dawa iko kwa aliyeiandika.

Sasa wazo la bosi. Kurudi v3.8 kunaeleweka kama kila usiku hesabu zinagoma na wateja wanapiga simu. Lakini ukirudisha msimbo nyuma, muundo wa hifadhidata haurudi nao. Katika komiti 2,900 hakika kuna safu zilizoongezwa na majedwali yaliyobadilishwa jina, na v3.8 haiyajui. Mnaweza kubadilisha kosa la dakika 33 kwa mfumo usiowaka. Na hata mkifaulu, mauzo yaliyokwisha kuandikwa vibaya yatabaki vibaya, kama ulivyojionea kwenye kompyuta yako. Mwombe asubuhi moja. Bisect ikishindwa kufikia saa sita mchana, mjadala wa kurudi nyuma uendelee, lakini mrudi kwenye toleo la karibu zaidi ambalo skripti inasema ni zima.

Hilo la data ndilo lingeninyima usingizi kuliko msimbo wenyewe. Ukishaijua komiti, `git tag --contains NAMBA_YA_KOMITI` itakutajia matoleo yote yaliyoibeba. Linganisha na kumbukumbu za lini kila toleo liliwekwa kwenye seva, na kumbuka vituo havikusasishwa siku moja. Tarehe ya komiti si tarehe ya ugonjwa. Ugonjwa ulianza kila kituo kilipopokea toleo hilo. Hapo utakuwa na kipindi kamili cha rekodi za kusahihisha, kituo kwa kituo.

Kusahihisha huko usikufanye peke yako na terminali yako usiku. Ni kumbukumbu za mauzo, zimeshaingia kwenye hesabu za wasimamizi wa zamu na kwenye kodi, na amri moja ya `UPDATE` isiyo na mipaka sahihi itasogeza hata rekodi zilizokuwa sawa. Kaa na mhasibu wenu na mtu anayetunza hifadhidata, mkiwa na nakala rudufu ambayo mmeijaribu kuirejesha, muanze na kituo kimoja na siku moja mliyo na risiti zake za karatasi. Mkae vivyo hivyo, ana kwa ana na anayesimamia seva, ikiwa skripti inatoa 0 kwenye main ya kompyuta yako huku seva ikiendelea kukosea. Hapo tofauti iko kwenye usakinishaji, na cha kulinganisha kwanza ni `pip freeze` ya seva na ya kwako.